Umekatwa kodi Mombasa, unadaiwa tena Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nafuu ya kodi iliyolipwa nje

Ukurasa huu ni wa mfanyakazi wa Unguja au Pemba aliyeajiriwa nje ya nchi, akakatwa kodi huko kwenye mshahara, kisha akarudi nyumbani na kukuta mshahara uleule unahesabiwa tena. Mifano mingi ni ya Kenya, kwa kuwa wengi wanaouliza wametokea Mombasa au Nairobi. Wafanyabiashara na wenye hisa nje wana mambo yao mengine, hatukuyagusa hapa.

## Mambo ya msingi

Kwa nini Tanzania inidai kodi kwa kazi niliyoifanya nchi nyingine?

Kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato inamtoza mkaazi kwa mapato yake yote, popote yalipopatikana. Asiye mkaazi hutozwa kwa yale tu yenye chanzo hapa nchini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nimelipa wapi?", uliza kwanza kama wewe ni mkaazi kwa mwaka huo.

Nchi uliyofanyia kazi nayo ina haki yake: kazi imefanyika kwake, mshahara umelipwa kwake. Hapo ndipo kipato kimoja kinapopata wadai wawili. Sheria yetu inalijua hilo, na dawa yake ni nafuu ya kodi ya nje. Kodi uliyolipa kule inapunguzwa katika kodi unayodaiwa hapa, kwa kiwango chenye mpaka. Mpaka huo ndio unaowachanganya wengi, na tumeupigia hesabu kamili chini.

Hili ni la TRA au la ZRA?

Ni la TRA. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, sheria ni moja kwa Bara na Visiwani, na TRA ina ofisi zake Zanzibar. ZRA inashughulikia kodi nyingine za Zanzibar, kama VAT ya huku. Ukipeleka karatasi zako za mshahara wa Kenya ZRA, utarudishwa mlangoni kwa upole.

Nilifanya kazi Dar es Salaam nikakatwa PAYE. Hiyo ni kodi ya nje?

Hapana. Kuvuka bahari kwa boti si kuvuka mpaka wa kodi ya mapato. PAYE uliyokatwa Dar inahesabika kama kodi uliyokwisha kulipa kwenye hesabu ya mwaka huohuo, shilingi kwa shilingi, bila mpaka wa aina tunayoizungumza hapa.

Nitajuaje kama mimi ni mkaazi?

Unakuwa mkaazi kwa mwaka ukipita katika mlango mmoja kati ya hii. Mlango wa kwanza: una makaazi ya kudumu hapa nchini na umekuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka. Wa pili: umekuwepo siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Wa tatu: umekuwepo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa kila mwaka unazidi siku 122. Wa nne ni wa watumishi wa Serikali waliopangiwa kazi nje.

Watu huzikariri siku 183 wakausahau mlango wa kwanza, na huo ndio unaowanasa wengi. Mtu ana nyumba yake Chake Chake, mke na watoto wamo ndani, yeye yuko nje mwaka mzima ila amekuja Idi kwa siku sita. Siku sita zinatosha, maana sheria imesema "sehemu yoyote ya mwaka". Anayesema "sikufikisha siku 183, kwa hiyo sidaiwi" amejibu mlango wa pili, na wa kwanza bado uko wazi.

Lazima nchi niliyofanyia kazi iwe na mkataba wa kodi na Tanzania?

Si lazima. Nafuu hii imo ndani ya sheria yetu wenyewe, kifungu cha 77, na inampa haki mkaazi aliyelipa kodi ya mapato nje bila kujali kama kuna mkataba. Nasisitiza kwa sababu kila mwaka kuna watu wanaoacha kuomba kwa kuwa waliambiwa "Kenya hatuna mkataba nao". Ni kweli kwamba mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuepusha kodi mara mbili ulisainiwa mwaka 2010 na haujaanza kutumika. Lakini nafuu ya kifungu cha 77 haiungoji.

Mikataba tuliyonayo, kama ile ya Afrika Kusini, Zambia, India, Kanada, Italia na nchi za Skandinavia, hufanya kazi ya ziada: huamua nchi ipi itoze nini tangu mwanzo. Faida yake utaiona katika swali la kodi iliyokatwa kimakosa.

## Hesabu yenyewe

Je, kila nilicholipa nje kinapunguzwa hapa?

Kinapunguzwa mpaka kifike kikomo. Kikomo ni wastani wa kiwango chako cha kodi ya Tanzania kwa mwaka huo, ukizidishwa kwa kipato chako cha nje kinachotozwa hapa.

Wastani unapatikana hivi: chukua kodi yote ya Tanzania kwa kipato chako chote cha mwaka kabla ya nafuu, igawe kwa kipato hicho chote. Usichukue asilimia ya ngazi ya juu uliyofikia. Hata kama shilingi zako za mwisho zimeangukia kwenye asilimia 30, zile za mwanzo zilipita bure au kwa asilimia ndogo, na wastani wako utakuwa chini ya 30.

Sababu ya kikomo ni rahisi. Tanzania inakubali kutokutoza mara ya pili, lakini haikubali kulipia ukali wa kodi ya nchi nyingine kwa fedha zake.

Nipeni mfano wenye tarakimu.

Tuchukue mhasibu wa Mkunazini. Nyumba na familia yake vipo hapo, kwa hiyo ni mkaazi. Januari hadi Agosti alifanya kazi Mombasa kwa mkataba. Septemba alirudi, akaajiriwa kwenye hoteli Nungwi hadi Disemba. Tarakimu zote tumeshazigeuza kuwa shilingi za Tanzania.

Mshahara wa Mombasa kabla ya makato ni 24,000,000. PAYE aliyokatwa Kenya ni 5,700,000. Mshahara wa hoteli ni 6,000,000, na hoteli imemkata PAYE ya 700,000. Kipato chake cha mwaka ni 30,000,000.

Sasa tuseme jedwali la kodi la mwaka huo, likiwekwa juu ya milioni 30, limetoa kodi ya 6,600,000. (Tarakimu hii ni ya mfano. Jedwali halisi lichukue TRA kwa mwaka unaouhesabu, maana Sheria ya Fedha hulibadilisha mara kwa mara.) Wastani wake ni 6,600,000 kwa 30,000,000, yaani asilimia 22.

Kikomo cha nafuu ni asilimia 22 ya 24,000,000, ambayo ni 5,280,000. Kenya alilipa 5,700,000. Anapewa kilicho kidogo kati ya hivyo viwili, yaani 5,280,000. Zile 420,000 zilizobaki hazipunguzwi mwaka huu.

Kodi 6,600,000 ukitoa nafuu 5,280,000 inabaki 1,320,000. Ukitoa na PAYE ya hoteli 700,000, anadaiwa 620,000.

Kwa nini anadaiwa 620,000 wakati alishakatwa kodi kote kuwili?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi kaunta, na jawabu lake halipo Mombasa. Lipo Nungwi.

Hoteli ilipomkata PAYE ilimwona kama mtu wa mshahara mdogo. Haikujua habari za milioni 24. Ikampitisha kwenye ngazi za chini za jedwali. Mwisho wa mwaka vipato viwili vinapowekwa chungu kimoja, zile milioni sita za hoteli zinabeba wastani wa asilimia 22, yaani 1,320,000. Hoteli ilikata 700,000 tu. Pengo ndilo hilo 620,000. Kwa mshahara wa Mombasa hajaongezewa hata senti moja.

Ukitaka kuhakiki hesabu yako mwenyewe, tumia njia hiyo. Kama kodi ya nje imefika au kuzidi kikomo, deni lililobaki kabla ya kutoa PAYE ya hapa lazima liwe sawa na wastani wako ukizidishwa kwa kipato cha hapa. Isipolingana, kuna mahali umekosea.

Na kama kodi ya nje ilikuwa ndogo kuliko kikomo?

Unapewa ileile uliyolipa, na tofauti unaijaza hapa. Mhasibu wetu angekatwa Kenya 4,000,000 tu, nafuu ingekuwa 4,000,000. Angebaki na 2,600,000, akitoa 700,000 za hoteli angedaiwa 1,900,000.

Zile 420,000 zilizozidi zinapotea?

Hazirudishwi kwa fedha taslimu, wala Tanzania hairudishi kodi iliyolipwa Kenya. Sheria inaruhusu zisogezwe mbele na kuhesabiwa kama kodi iliyolipwa kwa kipato chako cha nje cha mwaka mwingine.

Sharti lake la kimyakimya ni hilo: kipato cha nje cha mwaka mwingine. Kama umerudi moja kwa moja na huna tena mshahara wa nje, kiasi hicho kitakaa kwenye karatasi bila kazi. Kitakufaa ukienda tena nje mwaka ambao kodi ya huko ni ndogo kuliko kikomo chako.

Nimesikia naweza kuitoa kodi ya nje kama gharama badala ya kuomba nafuu. Ipi bora?

Ni kweli, sheria inakuruhusu kuiacha nafuu ya mwaka huo na badala yake kuitoa kodi ya nje katika kipato. Lakini pima. Nafuu ya shilingi milioni moja inapunguza kodi kwa milioni moja. Kutoa milioni moja kwenye kipato kunapunguza kodi kwa 300,000 tu, tena ukiwa kwenye ngazi ya juu kabisa. Kwa mwenye mshahara wa kawaida, sijapata kuona hesabu ambayo njia ya pili inaishinda ya kwanza.

## Kujaza na kuthibitisha

Nitaje mshahara uliofika benki au ule wa kabla ya makato?

Wa kabla ya makato. Hili ni kosa namba moja. Mtu anaandika kilichoingia kwenye akaunti, kisha anaomba nafuu ya kodi iliyokwisha kutolewa humo. Maana yake ameitoa kodi ileile mara mbili, na afisa akilinganisha na karatasi ya mwajiri ataliona mara moja.

Makato yote kwenye karatasi ya mshahara yanahesabika kuwa kodi?

Hapana, ni kodi ya mapato peke yake. Karatasi ya mshahara ya Kenya ina safu kadhaa: PAYE, NSSF, SHIF ya bima ya afya ambayo ni asilimia 2.75, na tozo ya nyumba ambayo ni asilimia 1.5. Yote yanauma, lakini yanayoingia kwenye ombi la nafuu ni ya safu ya PAYE tu. Mhasibu wetu alikatwa 660,000 za SHIF na 360,000 za nyumba. Hakuziweka, na alifanya vyema.

Ushahidi gani unatakiwa?

Kwa aliyetoka Kenya, karatasi kuu ni P9 ambayo mwajiri humpa mfanyakazi. Inaonyesha mwezi kwa mwezi mshahara wa jumla, nafuu binafsi ya huko na PAYE iliyokatwa. Iombe kabla hujafunga mizigo, maana kumtafuta mtu wa mishahara kwa simu ukiwa Wete ni kazi nyingine.

P9 inaonyesha kilichokatwa. Sheria yetu inazungumza habari ya kodi iliyolipwa. Kwa hiyo weka pia ritani uliyoiwasilisha KRA kupitia iTax na risiti yake ya kupokelewa. Zikikubaliana na P9, huna haja ya maelezo marefu. Pamoja na hizo, weka mkataba wa kazi na kurasa za pasipoti zenye mihuri, kwa sababu zinaonyesha kazi ilifanyika wapi. Umuhimu wake uko kwenye swali la kufanya kazi kwa mtandao.

Nibadilishe fedha kwa kiwango gani?

Kanuni ni kiwango cha siku ambayo kipato kinahesabiwa, yaani mshahara wa Machi kwa kiwango cha Machi. Kamishna anaweza kuruhusu kwa maandishi utumie wastani wa mwaka. La kujihadhari ni kuchanganya: mshahara kwa kiwango cha kila mwezi na kodi kwa kiwango cha siku unayojaza fomu. Tumia njia moja kwa vyote viwili, na uambatishe jedwali lako.

Mwisho wa kuwasilisha ni lini? Na mwajiriwa naye anajaza ritani?

Mwaka wa kodi wa mfanyakazi ni Januari hadi Disemba, na ritani huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani hadi 30 Juni. Tarehe ya Kenya nayo ni 30 Juni. Jaza ya Kenya mapema, kwa sababu ndiyo inayokupa ushahidi wa ya hapa.

Mwajiriwa ambaye kipato chake chote ni mshahara wa hapa, na mwajiri amekata yote, kwa kawaida hahitaji kujaza. Ukiwa na mshahara wa nje umeshatoka kwenye kundi hilo. Mwajiri wa nje asiyetakiwa kukata kodi ya Tanzania anakuacha pia kwenye utaratibu wa kukadiria kodi yako mwanzoni mwa mwaka na kuilipa kwa awamu. Kwa hiyo usisubiri Juni kuja kuuliza.

TRA wamenikatalia nafuu. Nifanye nini?

Una siku 30 tangu kupokea uamuzi wa tathmini kuweka pingamizi kwa maandishi. Tambua kwamba pingamizi hupokelewa pamoja na malipo: kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, chochote kilicho kikubwa. Unaweza kumwomba Kamishna apunguze au asamehe malipo hayo ukiwa na sababu nzito.

## Pembe ngumu

Niko Mbweni, naifanyia kampuni ya Nairobi kazi kwa mtandao, nao wananikata PAYE. Nitapata nafuu?

Hapa pabaya, na ni heri ujue kabla ya kusaini. Nafuu inatolewa kwa kodi iliyolipwa juu ya kipato cha nje. Kwa sheria yetu, chanzo cha mshahara ni mahali kazi inapofanyika, haidhuru umelipwa kutoka wapi. Ukikaa Mbweni na kompyuta yako, kazi imefanyika Tanzania. Mshahara huo ni wa hapa, hata kama umepitia benki ya Nairobi. Kipato chako cha nje ni sifuri, na wastani wowote ukizidishwa kwa sifuri unabaki sifuri.

Upande wa pili, sheria ya Kenya inamtoza hata asiye mkaazi wake kwa ajira ya mwajiri aliye mkaazi wa Kenya. Nchi moja inatazama ulipokaa, nyingine inamtazama aliyekuajiri. Zote ziko ndani ya sheria zao, na katikati yao hakuna mkataba unaofanya kazi. Hii ndiyo kodi mara mbili ya kweli.

Kinachoweza kufanyika ni kwenye muundo wa kazi. Waulize kama watakuchukua kama mtoa huduma wa kujitegemea badala ya mwajiriwa, jambo lenye kanuni zake za kodi ya zuio pande zote mbili, au kama wanaweza kukuajiri kupitia kampuni iliyoko Tanzania. Vinginevyo mshahara unaokubaliana nao uhesabu ukijua kodi mbili zinausubiri.

Nilikuwa nusu Mombasa, nusu nyumbani, kwa mwajiri huyohuyo wa Kenya.

Gawa mshahara kwa siku za kazi. Siku ulizofanya kazi Mombasa zinaleta kipato cha nje, za nyumbani hazileti. Kodi ya Kenya nayo igawe kwa uwiano huohuo, kisha kikomo kipigwe kwenye sehemu ya nje tu. Mihuri ya pasipoti ndiyo shahidi wako.

Niko Oman (au Dubai). Huku hakuna kodi ya mshahara. Nafuu yangu ni kiasi gani?

Hakuna, kwa sababu hujalipa kitu cha kupunguzwa. Nafuu si zawadi ya kufanya kazi nje. Jambo la kutazama kwa walioko Maskati ni lile la ukaazi tulilolieleza juu: mwenye makaazi ya kudumu huku na anayekuja likizo anaweza kuwa mkaazi, na mshahara wake wote ukahesabika hapa bila kitu cha kuupunguza. Wengi hawalijui hili, na mimi sioni uzuri wa kuwaficha.

Oman imeshapitisha sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi, asilimia 5 kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028. Wafanyakazi wengi wa kutoka kwetu hawafiki hapo. Atakayefika, kodi hiyo itaingia kwenye hesabu hii kama ya Kenya.

Mwajiri alinikata kodi kupita kiasi, au kwa makosa. Nidai nafuu ya kiasi chote?

Kilichokatwa kimakosa kidai kule kilikokatwa. Tuseme uliachiwa bila kupewa nafuu binafsi ya Kenya, ambayo ni shilingi 2,400 za huko kwa mwezi. Hiyo utairekebisha kwenye ritani ya KRA na kuomba marejesho. Penye mkataba ni vivyo hivyo: kama mkataba unasema nchi ile haikutakiwa kutoza, waandikie wao kwanza.

KRA wamenirejeshea sehemu ya kodi baada ya mimi kupata nafuu hapa.

Rudi TRA urekebishe ritani ya mwaka ule. Lakini piga hesabu kwanza, kwani huenda deni likawa dogo au lisiwepo kabisa. Mhasibu wetu alilipa 5,700,000, kikomo chake kikawa 5,280,000. Akirejeshewa 300,000, kodi yake ya Kenya inakuwa 5,400,000, bado juu ya kikomo. Nafuu haibadiliki. Kinachopungua ni ile akiba ya kusogeza mbele, kutoka 420,000 hadi 120,000. Angerejeshewa 500,000, kodi ya Kenya ingeshuka hadi 5,200,000, akiba ingefutika, na hapa angedaiwa 80,000.

Mume wangu ni mgeni, tumehamia Paje mwaka huu. Naye anatozwa kwa mapato ya kwao?

Mtu ambaye jumla ya ukaazi wake Tanzania katika maisha yake yote haijazidi miaka miwili anatozwa kwa mapato yenye chanzo hapa tu. Kwa muda huo hahitaji nafuu kwa mapato ya kwao, maana hayahesabiwi. Mwaka wa tatu unapoanza, arudi juu ya ukurasa huu. Wewe uliyezaliwa na kukulia hapa huna dirisha hilo, hata kama umeishi ughaibuni miaka kumi.